Kabla ya Kugusa Freigeben: Jinsi ya Kusoma Skrini za Benki ya Kijerumani

Mtu aliyezoea kutuma pesa kwa simu akiwa Nairobi, Arusha au Mombasa hutegemea jambo moja ambalo hata halifikirii tena: simu humtajia jina la anayepokea. Nchini Kenya, Safaricom waliipa huduma hiyo jina la Hakikisha. Ukikusudia kumtumia Otieno ukaona limetokea jina la Wanjiku, unasitisha muamala, unarudia kuandika namba, na mambo yanaishia hapo.

Mtu huyohuyo akihamia Ujerumani na kufungua akaunti ya benki, anakutana na programu ambayo kwa miaka mingi haikufanya kazi namna hiyo. Skrini ilimtaka aandike jina la mpokeaji, naye akadhani benki italilinganisha na namba ya akaunti. Haikuwa hivyo. Kifungu cha 675r cha sheria ya madai ya Ujerumani kinairuhusu benki kutekeleza malipo kwa kufuata namba ya akaunti peke yake. Ungeweza kuandika jina la shangazi yako juu ya namba ya muuza baiskeli, na pesa ingekwenda kwa muuza baiskeli bila mtu yeyote kukuuliza.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 9 Oktoba 2025, siku ambayo benki za nchi zinazotumia euro zilianza kulazimika kulinganisha jina na namba kabla ya pesa kuondoka. Skrini mpya ikaongezeka katika safari ya muamala. Kwa anayekielewa Kijerumani vizuri, ni msaada mkubwa. Kwa mgeni aliyefika juzi, ni ujumbe mwingine wa maneno marefu unaomzuia kufika kwenye kitufe anachokitafuta, na kishawishi cha kuugusa upite ni kikubwa.

Wageni wa namna hiyo wanaozungumza Kiswahili si wachache. Wapo wanafunzi, wauguzi na vijana waliokwenda kujifunza ufundi, na tangu Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zina mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi uliotiwa saini Berlin. Baadhi ya benki zina programu yenye Kiingereza, lakini mara nyingi ujumbe wa makosa, barua na masharti hubaki katika Kijerumani. Hata kamera ya kutafsiri haisaidii sana, kwa sababu programu nyingi za benki kwenye simu za Android huzuia kupiga picha ya skrini. Mtu hulazimika kuazima simu ya pili ili aielekeze kwenye ile ya kwanza, na kwa kawaida hachukui taabu hiyo kwa malipo ya euro arobaini.

Jambo la kutia moyo ni kwamba maneno yanayoamua hatima ya pesa ni machache, na hurudi yaleyale benki hadi benki.

Fomu ya kwanza

Tumchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Moshi aliyepata chumba mjini Leipzig. Kodi ya chumba bila joto na maji ni euro 310 kwa mwezi, na pamoja na gharama hizo inafika euro 400. Mwenye nyumba anataka pia dhamana ya euro 930. Kiasi hicho ni halali, kwa kuwa sheria inaruhusu dhamana isiyozidi kodi tupu ya miezi mitatu. Sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi mmoja mmoja, ya kwanza ikilipwa upangaji unapoanza. Kwa hiyo mwezi huu mwanafunzi ana malipo mawili: kodi ya euro 400 na awamu ya kwanza ya dhamana, euro 310.

Anafungua programu na kutafuta neno `Überweisung`, yaani kutuma pesa kwenda akaunti nyingine. Karibu yake huenda kukawa na `Dauerauftrag`. Hili ni agizo la kudumu: benki hutuma kiasi kilekile kila mwezi hadi mteja alifute. Kwa kodi linafaa sana. Kwa awamu ya dhamana ni kosa la gharama, kwa sababu baada ya awamu ya tatu pesa itaendelea kutoka kila mwezi. Dalili yake kwenye fomu ni neno `monatlich`, yaani kila mwezi. Anayelipa mara moja tu akiona neno hilo, yuko kwenye fomu isiyo yake.

Fomu yenyewe ina sehemu nne. `Empfänger` ni mpokeaji. `IBAN` ni namba ya akaunti. `Betrag` ni kiasi. `Verwendungszweck` ni maelezo ya malipo, na haizidi herufi 140.

Namba ya akaunti ya Kijerumani ina tarakimu na herufi 22 na huandikwa kwa mafungu ya nne nne. Mfano unaotumika sana katika maelekezo ni huu: `DE89 3704 0044 0532 0130 00`. Herufi mbili za mwanzo ni nchi. Tarakimu mbili zinazofuata, 89, ni za ukaguzi: hutokana na hesabu inayofanywa juu ya namba nzima. Tarakimu nane baada ya hapo zinaitambulisha benki, na kumi za mwisho ndizo akaunti ya mteja. Kwa sababu ya zile tarakimu za ukaguzi, ukikosea tarakimu moja tu programu hukataa na kuandika kwamba IBAN ni `ungültig`, si sahihi.

Hapa watu wengi hupata faraja isiyo na msingi. Ukaguzi huo unathibitisha kwamba namba imeandikwa kwa mpangilio unaokubalika. Hausemi ni ya nani. Pesa nyingi zinazopotea hazipotei kwa kuteleza kidole, bali kwa namba iliyo sahihi kabisa ya mtu asiyehusika: ya mwenye nyumba wa zamani iliyobaki kwenye orodha, au ya tapeli aliyeituma kwenye barua pepe akijifanya mwenye nyumba. Matapeli wa vyumba huko Ujerumani wana hadithi inayojulikana. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, hawezi kuonyesha chumba, ila atatuma ufunguo kwa posta dhamana ikishalipwa. Mara nyingine akaunti yenyewe haianzi na `DE`, na herufi hizo mbili tu zinatosha kumfanya mtu aulize maswali kabla ya kuendelea.

Kisha kuna kiasi. Wajerumani hutumia nukta na koma kinyume na ilivyozoeleka Tanzania na Kenya. Elfu moja mia mbili na hamsini kwao ni `1.250,00`, na kumi na mbili na nusu ni `12,50`. Mtu anayetaka kulipa euro 12 na senti 50 akaandika nukta mahali pa koma, hawezi kujua programu yake itaipokeaje. Nyingine hukataa, nyingine hubadilisha, nyingine huipuuza nukta, na hapo kumi na mbili na nusu inaweza kugeuka elfu moja na ushei. Kwa hiyo kiasi hakisomwi mahali kilipoandikwa. Husomwa kwenye skrini inayofuata, ambako programu inaonyesha ilivyoelewa. Pale tarakimu mbili za mwisho baada ya koma ni senti, na kila kilicho kushoto kwa koma ni euro nzima, kiwe na nukta au kisiwe nayo.

`Verwendungszweck` inaonekana kama sehemu ya hiari, na kwa benki ni hivyo. Kwa anayepokea huenda ikawa ndiyo sehemu muhimu kuliko jina. Vyuo vikuu vya Ujerumani hudai ada ya muhula iitwayo `Semesterbeitrag` na humpa kila mwanafunzi maneno na namba za kunakili hapo kama zilivyo. Akiandika tu “ada ya shule”, pesa itafika kwenye akaunti ya chuo, lakini huenda isiunganishwe na jina lake hadi mtu aitafute kwa mkono, na wakati huo tarehe ya mwisho inakaribia.

Jina linapojibu

Mwanafunzi wetu amejaza fomu na kugusa `Weiter`, endelea. Sasa benki yake inaiuliza benki ya mwenye nyumba: je, jina hili na namba hii ni vya mtu mmoja? Jibu hutakiwa kurudi ndani ya sekunde chache, na mteja halipii chochote. Wajerumani huiita hatua hii `Empfängerüberprüfung`.

Majibu yako manne. Benki nyingi huyapaka rangi kama taa za barabarani, lakini kwa kuwa rangi hutofautiana, ni salama kusoma maneno. `Stimmen überein` maana yake jina na namba vinaafikiana. `Stimmen nahezu überein` maana yake vinakaribiana, na hapo skrini huonyesha jina lililosajiliwa kwenye akaunti. `Stimmen nicht überein` maana yake haviafikiani. Jibu la nne, lenye maneno `nicht möglich`, linasema ukaguzi haukuwezekana, pengine kwa sababu benki ya upande wa pili haikujibu.

Tofauti kati ya jibu la kwanza na la tatu imo katika neno moja fupi, `nicht`. Ndiyo “si” ya Kijerumani. Macho yanayokimbilia kitufe huliruka kwa urahisi, kwa sababu sentensi zote mbili zina maneno mengine yaleyale na zinaishia kwenye ruhusa ya kuendelea. Benki haizuii malipo kwa sababu jina halikuafikiana. Inaonya, kisha inamwachia mteja uamuzi. Akiendelea baada ya onyo na pesa ikaangukia kwa asiyehusika, benki haiwajibiki tena kwa kosa hilo. Ujumbe wenyewe husema hivyo kwa maneno ya kisheria chini ya onyo, katika maandishi ambayo mgeni ndiyo anayoyaruka kwanza.

Jibu la pili, la kukaribiana, ndilo linalohitaji akili zaidi. Tuseme mkataba unamtaja mwenye nyumba kwa jina la ukoo Müller, na mwanafunzi akaandika Muller kwa sababu simu yake imewekwa kibodi ya Kiswahili au Kiingereza. Huenda skrini ikamwonyesha jina kamili lenye nukta zake mbili, pamoja na jina la kwanza ambalo hakuwa ameliandika. Hilo ni sawa. Analinganisha na mkataba, anarekebisha, anaendelea. Lakini skrini ikisema haviafikiani kabisa, sababu yaweza kuwa ya kawaida, kwa mfano mkataba umetiwa saini na kampuni inayosimamia nyumba ilhali akaunti ni ya mwenye nyumba mwenyewe. Yaweza pia kuwa utapeli. Skrini haina njia ya kutofautisha haya mawili. Njia iliyopo ni kugusa `Abbrechen`, yaani kusitisha, kisha kumpigia mwenye nyumba kwa namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyo kwenye barua pepe iliyoleta namba ya akaunti.

Ukaguzi huu unahusu malipo ya euro kati ya benki zilizo ndani ya mfumo wa Ulaya. Anayetuma kutoka Leipzig kwenda akaunti ya benki Nairobi au Dar es Salaam hataupata, na Kenya na Tanzania hata hazitumii IBAN. Huko ulinganisho wa jina hubaki kazi ya mtumaji na ya benki inayopokea.

Skrini ya kuidhinisha

Baada ya jina huja hatua ambayo sheria ya Ulaya imeilinda kwa makini zaidi. Tangu Septemba 2019, malipo mengi ya mtandaoni lazima yathibitishwe kwa njia mbili tofauti, na msimbo wa uthibitisho lazima ufungamane na kiasi na mpokeaji wa malipo yale yale. Kikibadilika kimoja, msimbo haufai tena. Sheria inadai pia kwamba mlipaji aonyeshwe kiasi na mpokeaji wakati anapoidhinisha.

Ujerumani msimbo huo huitwa `TAN`. Siku hizi mara nyingi hauandikwi: programu ya pili, au sehemu ya pili ya programu ileile, hufunguka na kuonyesha muhtasari. Kwa mwanafunzi wetu huonekana hivi kwa takriban:

```
Überweisung
IBAN: DE.. .... .... .... .... ..
Betrag: 310,00 EUR
```

Chini yake kuna vitufe viwili. `Freigeben` huachilia pesa iende. `Ablehnen` hukataa. Hadi hapa kila kitu kilikuwa maandalizi, na kuanzia kidole kinapogusa `Freigeben`, agizo limetolewa.

Mstari wa juu kabisa ndio unaopuuzwa kuliko yote, ingawa ndio unaosema ni jambo gani linaloidhinishwa. Haliwi malipo kila mara. Kwa njia hiyohiyo mteja huidhinisha simu mpya kuunganishwa na akaunti yake, kadi kuwekwa kwenye simu, au ukomo wa matumizi kupandishwa. Walaghai wanaopiga simu wakijifanya watumishi wa benki hujenga hila yao juu ya mstari huo. Mpigaji husema kwa haraka na kwa upole kwamba kuna wizi umeonekana kwenye akaunti, na kwamba ili kuurudisha nyuma mteja aidhinishe ujumbe utakaoingia sasa hivi. Ujumbe unaingia kweli, na unatoka benki kweli. Ila mstari wa juu unasema `Überweisung`, na `Betrag` inaonyesha `1.900,00 EUR`.

Hakuna TAN ya kupokea pesa, wala mtumishi wa benki haombi TAN kwa simu ili kuzuia wizi. Kwa hiyo asiyejua Kijerumani hahitaji kuelewa anachoambiwa kwenye simu. Anahitaji kuelewa maneno mawili au matatu yaliyo kwenye kioo na kujiuliza kama ndilo jambo alilolianzisha yeye mwenyewe dakika moja iliyopita. Kama hakuanzisha kitu, kitufe chake ni `Ablehnen`.

Baada ya kuidhinisha huja skrini ya kufunga. Mara nyingi hutumia neno `entgegengenommen`: agizo limepokelewa na benki. Haimaanishi kwamba mwenye nyumba ameshapata pesa. Malipo ya kawaida ya euro yanatakiwa kufika siku ya kazi inayofuata. Yakitumwa Ijumaa usiku, benki inaweza kuyahesabu kuwa yameingia Jumatatu, na yakaonekana kwa mpokeaji Jumanne. Mgeni asiyejua hilo huona Jumamosi mwenye nyumba analalamika kwamba hajapata kitu, anadhani muamala ulikwama, anatuma mara ya pili. Kabla ya kurudia, atazame orodha ya miamala inayosubiri, ambayo kwa kawaida huwa na neno `vorgemerkt`.

Kama haraka ni ya kweli, ipo `Echtzeitüberweisung`, malipo ya papo kwa papo yanayofika ndani ya sekunde 10, usiku na sikukuu pia. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinazotoa huduma ya kutuma pesa lazima ziitoe na hii, bila kuitoza zaidi ya malipo ya kawaida. Kwenye fomu huwa ni swichi ndogo, na katika programu nyingine tayari imewashwa. Inafaa kuitazama, kwa sababu malipo yaliyofika katika sekunde kumi hayana Jumamosi na Jumapili ya kugundua kosa.

Mipaka mitatu inayochanganywa

Mwanafunzi amelipa kodi ya euro 400 asubuhi. Mchana anajaribu kutuma awamu ya dhamana, euro 310, na programu inakataa. Anatazama akaunti yake na kuona pesa ipo. Anajaribu tena mara mbili, kisha anaamini akaunti imefungwa.

Kilichotokea ni kwamba ukomo wake wa siku, `Tageslimit`, ni euro 500. Ukomo huo hauhesabu malipo moja moja, bali jumla ya siku. Mia nne na mia tatu na kumi ni mia saba na kumi, na imevuka. Ujumbe wa kosa huwa na maneno kama `Limit überschritten`, ukomo umevukwa. Kama tatizo lingekuwa ukosefu wa pesa, ujumbe ungezungumzia `Deckung`, yaani kuwapo kwa pesa ya kulifunika agizo. Maneno hayo mawili yana dawa tofauti. La kwanza hutatuliwa kwa kusubiri kesho au kubadilisha ukomo. La pili halitatuliwi na chochote isipokuwa pesa.

Kubadilisha ukomo hufanyika kwenye mipangilio ya programu, na kuupandisha huhitaji TAN yake, ambayo mstari wake wa juu utataja neno `Limit`. Baadhi ya benki huruhusu kupandisha kwa muda tu, kisha hurudi kama zamani. Kwa malipo ya papo kwa papo sheria mpya imempa mteja haki ya kuweka ukomo wake mwenyewe, kwa siku au kwa kila muamala, na kuubadilisha wakati wowote kabla ya kutuma. Mgeni ambaye bado anajifunza maneno ya skrini anaweza kuuweka chini kabisa, hata euro 100, akiuacha ukomo wa malipo ya kawaida utoshe kodi. Hapo tapeli aliyemshinda kwa maneno ya simu atakutana na ukuta ambao mteja aliujenga siku akiwa ametulia.

Mpaka wa pili ni salio lenyewe. Programu nyingi zinaonyesha namba mbili. `Kontostand` ni pesa iliyomo kwenye akaunti. `Verfügbar` ni kiasi kinachoweza kutumika, na inaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tofauti hiyo si zawadi. Ni mkopo uliounganishwa na akaunti, `Dispokredit`, na riba yake mara nyingi huzidi asilimia 10 kwa mwaka. Anayetuma akitazama `Verfügbar` peke yake anaweza kukopa bila kujua kwamba amekopa, na programu haitamuuliza, kwa kuwa kwa macho ya benki agizo lake limefunikwa.

Mpaka wa tatu unawagusa wanafunzi wengi kutoka nje ya Ulaya. Ili kupata viza, wengi huweka pesa ya mwaka mzima kwenye `Sperrkonto`, akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na kila mwezi zinaachiliwa euro 992 kwenda akaunti ya kawaida. Programu ya akaunti iliyofungwa huonyesha maelfu, lakini yanayotumika mwezi huu ni yale 992. Kwa mwanafunzi wetu hesabu inakuwa wazi: kodi 400 na awamu 310 zinamwachia euro 282 za chakula na mengine. Angelipa dhamana yote kwa mpigo pamoja na kodi, angehitaji euro 1,330, na akaunti yake isingekuwa nazo hata kama akaunti iliyofungwa bado ina zaidi ya euro elfu kumi.

Pesa ikishaondoka

Wageni husikia kwamba Ujerumani malipo yanaweza kurudishwa ndani ya wiki nane, na wengine hutegemea hilo wanapotuma. Ni kweli kwa aina nyingine ya malipo, `Lastschrift`, ambayo mdai mwenyewe ndiye anayechukua pesa kwenye akaunti ya mteja kwa idhini yake, kama kampuni za simu na umeme zinavyofanya. `Überweisung`, ambayo mteja anaituma kwa mkono wake, haina wiki nane. Benki ikishaipokea, kwa kawaida mteja hana haki ya kuifuta.

Kinachobaki ni kuomba. Ombi huitwa `Überweisungsrückruf`, na kila saa ina thamani. Malipo ya kawaida ambayo hayajaingia upande wa pili wakati mwingine huwahi kuzuiwa. Yakishaingia, mpokeaji lazima akubali kuyarudisha, na benki inaweza kutoza ada kwa kazi hiyo hata isipofanikiwa. Mpokeaji akigoma, mteja anaweza kuiandikia benki yake kudai taarifa zote ilizonazo ili aende kudai pesa yake kisheria. Benki inalazimika kuzitoa, na dai hilo lazima liwe la maandishi, hivyo simu peke yake haitoshi.

Pale ambapo kilichoidhinishwa ni hila ya mlaghai, jambo la kwanza ni kufunga akaunti. Ujerumani ina namba moja ya kufungia kadi na huduma za benki za mtandaoni, 116 116, inayofanya kazi mchana na usiku. Aliye nje ya nchi huanza na +49. Akipokelewa, mteja hutaja benki yake na neno moja, `sperren`, yaani funga. Baada ya hapo huenda kituo cha polisi kuandikisha shauri, akiwa na tarehe, kiasi na namba ya akaunti iliyopokea. Mambo hayo matatu yamo kwenye orodha ya miamala ndani ya programu, chini ya neno `Umsätze`.